Mteja anakusifu: unamujibu nini?

Ndugu zangu wachimbaji, na nyinyi mama wa nyumbani muliobaki Butembo na Beni mukingojea simu ilie, leo nataka tuongee juu ya kitu kidogo ambacho kilitugharimu pesa. Ni jibu la sifa. Mtu anayenunua dhahabu yetu alitusifu, sisi tukamujibu vibaya, na jibu likaturudilia.

Katika kikundi chetu mimi ndiye ninaandika. Nilimaliza sekondari, basi kila mesaje ya wasapu inayoenda kwa negosian inapita mikononi mwangu. PDG wa shimo letu ni mtu mzima, anajua mawe kuliko mimi, lakini kuandika hapendi. Ananiambia: «Jibu, wewe uko na Kiswahili kizuri.» Na Kiswahili kizuri ndicho kilituharibia.

Mzigo ulikuwa gramu 40. Negosian wa Butembo aliuyeyusha upya kwenye shalumo, kama wanavyofanya wote kabla ya kupeleka kwenye komptwari, akapata gramu 39 na pointi 3. Wenye kujua kazi watanielewa. Dhahabu ya zebaki, ile tunaita merkiri, ikitoka kwetu bado inaficha zebaki ndani yake, na mara nyingi mchanga mweusi pia. Kwa negosian moto ni mkali, anatia boraksi, zebaki inapanda na moshi na mchanga unabaki kwenye boraksi. Kile kinachopungua ni hasara yake, ndiyo maana anakata bei mbele. Siku zingine gramu 40 zetu zilirudi 37. Safari hiyo alipoteza pointi 7 tu, hata asilimia 2 haifiki. Akaandika: «Dhahabu ya juma hili ilikuwa safi sana. Hongera.»

Mimi nikamujibu hivi: «Mpendwa mteja, tunakushukuru kwa maneno yako mazuri. Kuridhika kwako ndiyo furaha yetu. Sisi tunatoa dhahabu safi isiyopungua. Endelea kutuamini.»

Nilijiona nimeandika kama gazeti. PDG alipoisikia akacheka: «Hii inafanana na mesaje ya kampuni ya simu wakati inita inaisha.» Negosian naye alituma kidole gumba, basi. Hakusema neno lingine.

Nyuma ya majuma matatu tukatuma gramu 40 zingine. Mvua ilikuwa imenyesha, tulichoma haraka, na mzigo ukarudi 37 na pointi 2. Tulipopiga simu kuomba bei ileile, hakubishana. Alinitumia tu mesaje yangu mwenyewe, na maneno «dhahabu safi isiyopungua» yakiwa mbele ya macho yangu. Nikakosa la kusema. Ile bei tulikatwa, na nguvu ya kujitetea nilikuwa nimeitoa mwenyewe kwa mkono wangu.

Hapo ndipo nilielewa. Jibu la sifa linabaki katika telefone ya mtu. Ukijisifu, umeweka ahadi ambayo hukuombwa, na siku ya mzigo mubaya atakusomea. Tena maneno kama «kuridhika kwako» hayamuonyeshi kitu. Yanaweza kutumwa kwa mnunuzi wa kakao ya Beni, kwa mununuzi wa mbao, kwa nani vile, bila kubadilisha hata neno moja. Negosian aliona kwamba sikusoma alichoandika. Yeye alisifu kitu kimoja: usafi wa mzigo wa juma lile. Mimi nilijibu sifa ya kampuni nzima ambayo haipo.

Juma lililofuata PDG aliita mama anayetuoshea mchanga na kijana anayechoma. Akawauliza walifanya nini siku ile ya gramu 40 nzuri, maana kusema ukweli sisi wawili hatukujua. Mama akasema mbele ya kuchanganya na zebaki alipitisha sumaku mara tatu katika karai, ile sumaku ya spika ya redio iliyokufa, akiifunga na kitambaa ili mchanga mweusi unaoshikwa utoke kirahisi. Siku zingine anapitisha mara moja tu kwa sababu watu wanamuharakisha. Kijana akasema alikamua tonge katika kitambaa mpaka zebaki ikaacha kudondoka, kisha akachoma polepole, hapo nje, mpaka rangi ya kijivu ikaisha kabisa na manjano ikatoka kila upande, hata chini alipogeuza. Siku ya mvua alichoma chini ya hema, moto ukiwa mdogo, na katikati ya tonge ilibaki kijivu.

(Hapa niseme kidogo. Ule unaopungua kwa negosian ni moshi wa zebaki ndani ya nyumba yake, na ule uliopanda chini ya hema uliingia katika kifua cha kijana wetu. Dhahabu iliyochomwa vizuri nje, upepo ukipeleka moshi mbali na watu, si bei tu inasaidia.)

Basi, mzigo uliofuata ulikuwa mzuri tena. Negosian, ambaye si mtu mubaya, akatuma: «Safari hii mumerudi kazini. Imepungua kidogo sana.» Niliketi na PDG kwenye gogo, tukaandika pamoja, na alinifutisha mara mbili. Mwisho tukatuma hii:

«Aksanti mzee. Tumefurahi kusikia imepungua kidogo, juma lililopita ilituumiza sisi pia. Safari hii mama anayeosha alipitisha sumaku mara tatu, na kijana alichoma polepole mpaka kijivu ikaisha. Nitawafikishia neno lako. Ile pakiti ndogo ya gramu 6 ilitoka katika mshipa mupya, bado hatujaujua, uiyeyushe peke yake utuambie.»

Angalieni vile imejengwa. Inaanza na aksanti moja tu. Tungesema aksanti tatu, na «Mungu akubariki» juu yake, mtu ambaye alishatukopesha pesa ya unga na mafuta ya motopompe angefikiri tunataka kukopa tena. Kisha inarudia kile alichosifu kwa maneno yake mwenyewe: imepungua kidogo. Hapo anajua tumemusoma. Haisemi sisi ni wazuri. Inasema kazi gani ilifanywa na nani aliifanya, na hao si mimi wala PDG. Sifa ikipelekwa kwa mwenyewe haigeuki majivuno, na mteja anapata pia kitu cha kujua: kumbe ni sumaku na moto.

Neno la pakiti ndogo ndilo tulibishana sana. Mimi sikutaka kuliweka. Nilisema mtu akikusifu usimuonyeshe doa. PDG akajibu: «Ataliona kesho kwenye shalumo. Afadhali alione likiwa limetoka kinywani mwetu.» Alikuwa na haki. Kama sifa inakupita, yaani mtu anasifu kitu ambacho wewe unajua hakiko sawa, ukinyamaza umesema uongo, hata kama hukufungua kinywa. Neno moja linatosha. Si lazima ujishushe mpaka ardhini. Kuna wale wanaosifiwa wakasema «aah, si kitu, ni bahati tu». Kwa mtu anayenunua, neno bahati linamaanisha mzigo ujao anaweza kupoteza.

Kitu kimoja PDG mwenyewe alitaka kukiweka nikamkatalia. Alitaka mwishoni tuseme: «Sasa basi utusaidie na koroi ya motopompe, imekatika.» Kweli ilikuwa imekatika. Lakini ombi likifunganishwa na aksanti, aksanti inakufa. Tulingoja siku mbili, tukaomba kwa simu, peke yake, kama ombi.

Na tena, tulimuandikia yeye mwenyewe pembeni. Sifa yake ya kwanza alikuwa ameiweka katika grupe yenye watu wengi, na katika grupe hakuna kuandika gramu, wala siku ya kusafiri, wala shimo lipi limetoa. Nyinyi munajua barabara zetu, kutoka Manguredjipa mpaka Butembo mtu hapitishi habari ya mzigo mbele ya watu asiowajua. Katika grupe ukisifiwa, «Aksanti mzee, nitakuandikia» inatosha. Yenye nyama inaenda pembeni.

Kuna pia sifa inayokuja mbele ya bei. Unafika kwenye meza yake, mzani bado haujatulia, anashika tonge anasema: «Mwanangu, wewe uko na dhahabu nzuri kweli, wewe si kama wale wengine.» Hiyo bado si sifa ya kujibu kwa urefu. Kijana akianza kufurahi na kusimulia, macho yanatoka kwenye mzani. Jibu kwa heshima, «Aksanti papa, tumalize kupima», na uendelee kutazama. Akirudilia neno hilo pesa ikiwa imeshahesabiwa, hapo mujibu vizuri, kwa sababu hapo halimuletei faida yoyote.

Mke wangu, ambaye anauzisha chakula mahali magari yanasimama, alisoma karatasi hii akasema mimi najua kuandika mambo marefu. Yeye mteja akimuambia «Mama, sombe yako leo tamu», hasemi «kwangu ni tamu siku zote». Anasema: «Aksanti, leo nilipata mawese mapya ya Beni, na nilitwanga mwenyewe.» Na siku mawese ni ya zamani, mteja akisifu kwa adabu, anamuambia: «Kesho ndiyo utakula nzuri, leo mawese haikunipendeza.» Huyo mteja anarudi kesho. Nimehesabu.

Tuliporudishiwa jibu ya ile mesaje yetu ndefu, negosian hakutuma kidole. Alituma sauti. Alisema pakiti ya gramu 6 ilipungua zaidi ya ile kubwa, ataikatia bei yake peke yake, na ile kubwa hataikata kitu. Halafu akaongeza kwa Kinande: «Muambie yule mama, wasingya.»

Nilishuka mpaka kwenye mto kumusikilizisha. Mama aliweka karai chini, akapangusa mikono, akasikiliza mara mbili na telefone ikiwa karibu na sikio. Kisha akaniuliza kama kwa ile bei ambayo haikukatwa, yeye sehemu yake ni ngapi. Niko nangojea PDG ajibu.