Kila Kitanda na Wimbo Wake

Muuguzi yuko peke yake wodini usiku, na kila mgonjwa anamwomba wimbo aupendao. Hadithi fupi ya namna hii ni rahisi kuianza, na kuiharibu ni rahisi zaidi. Mgonjwa wa kwanza anaomba, anasikiliza, anatokwa machozi. Wa pili naye hivyo hivyo. Kufika wa tano, msomaji ameshajua kinachokuja. Mimi ningechukua wagonjwa watatu tu, tena wa tatu awe hawezi kuomba chochote.

Kisa chenyewe si kigeni kwetu. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam watu walituma salamu kwa kadi na kuchagua wimbo wa kuzisindikiza, na wagonjwa hospitalini nao walikuwa na salamu zao. Ndiyo maana mzee wa kitanda cha kwanza haoni haya kumwambia nesi, "Mwanangu, niwekee Mbaraka."

Wimbo huo hauokotwi tu. Wanaochunguza kumbukumbu wameona kwamba watu wazima hukumbuka zaidi mambo ya ujana wao, takriban kati ya miaka 10 na 30, na muziki wa umri huo ndio unaowashika. Basi mwandishi apige hesabu. Kama hadithi inatokea mwaka 2024 na mzee ana miaka 71, alizaliwa 1953. Mwaka 1973, Mbaraka Mwinshehe alipotoka Morogoro Jazz na kuanzisha Super Volcano, mzee wetu alikuwa na miaka 20. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa. Mtu aliyekuwa kijana wakati huo hamkumbuki Mbaraka kwa gitaa peke yake. Anakumbuka pia alikuwa wapi siku habari ile ilipomfikia, na hilo ndilo atakalomsimulia nesi.

Kitanda cha pili kivunje kanuni hiyo. Kijana wa miaka 22, amevunjika mguu, anaomba wimbo wa Marijani Rajab, aliyefariki 1995 kabla yeye hajazaliwa. Nesi anashangaa, na msomaji anashangaa naye. Jibu linakuja kidogo kidogo: baba yake alikuwa dereva wa lori, na ndani ya lori kulikuwa na kanda moja. Hapa hatuhitaji machozi. Kinachotosha ni nesi kugundua kwamba kijana anasema "alikuwa", ilhali kwenye faili, sehemu ya ndugu wa karibu, ameandikisha jina la baba.

Kuna jambo dogo ambalo waandishi wengi hulisahau: wodi ina watu waliolala. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele za usiku wodini kwa wastani zisizidi desibeli 30, yaani kama mnong'ono. Nesi hawezi kufungulia muziki wodi nzima. Ataweka simu kando ya mto, au ataimba mwenyewe huku akipima joto na presha, na itambidi ainame. Kwa mwandishi hiyo ni bahati, maana watu wanaonong'onezana usiku huambiana yasiyosemeka mchana.

Sasa kitanda cha tatu. Mama huyu amepata kiharusi na hasemi. Mwandishi awe mwangalifu: kwa watu wengi uwezo wa kusema umekaa upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo ulegevu wa mkono na mguu uwe wa kulia. Ukiuweka kushoto, muuguzi yeyote atakayesoma atakukamata. Mama anaelewa mengi anayoambiwa, lakini akijaribu kujibu hutoka silabi moja tu. Usiku anaguna, na nesi anadhani ni maumivu. Akisikiliza vizuri anakuta mguno unapanda na kushuka: ni wimbo. Anaupokea, na mama anaimba naye, maneno yakiwa kamili.

Hili si muujiza wa kubuni. Baadhi ya waliopoteza usemi kwa kiharusi bado huweza kuimba nyimbo walizozizoea, kuhesabu, au kusoma sala waliyoishika tangu utotoni, na mwaka 1973 wataalamu wa Boston walieleza tiba inayotumia mahadhi kumrudisha mgonjwa kwenye maneno. Lakini tiba hiyo huchukua wiki nyingi, haiwafai wote, na mwenye kuimba beti tatu anaweza kushindwa kuomba maji dakika hiyo hiyo.

Hadithi isiruke hapo. Wimbo ukiisha, nesi anauliza, "Mama, unataka maji?" na silabi ileile inarudi. Anamwinua kitandani, anampa maji kidogo kidogo kwa kijiko kama alivyoelekezwa, akitazama kama atakohoa. Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu kitanda kwa kitanda, anamwambia mwenzake kwamba mama wa kitanda cha tatu ameimba, na kwamba anayeshughulikia usemi aambiwe. Mwenzake anauliza kwanza kama amekojoa.