Je, Wajua? Namba mbili za mng'ao wa Ziwa Nakuru

Je, wajua kwamba mng'ao unaokuumiza macho ukitazama Ziwa Nakuru asubuhi unaweza kupimwa kwa namba mbili tu? Shika kioo kimoja cha miwani ya jua ya polaroidi mbele ya kipimamwanga, kizungushe polepole, kisha andika usomaji wa juu kabisa na wa chini kabisa. Hayo ndiyo mahitaji yote. Simu yenye programu ya kupima luksi inatosha, mradi kihisio chake kichungulie kupitia bomba la karatasi ngumu lililopakwa rangi nyeusi ndani, ili kione maji peke yake na si anga lote.

Je, wajua kwa nini namba hupanda na kushuka? Mwanga wa jua, kabla haujagusa kitu, hutetemeka kila upande kwa usawa. Ukirudi kutoka majini, mtetemo wa mlalo huwa umezidi ule wa wima. Kioo cha polaroidi hupitisha mtetemo wa upande mmoja na kuzuia ule unaoukata mraba. Kikielekezwa sawa na mtetemo uliozidi, usomaji ni wa juu. Kikigeuzwa digrii 90, ni wa chini. Kama mwanga haukuchagua upande, zungusha hadi mkono uchoke, namba haitikisiki.

Je, wajua kwamba kanuni yake ni fupi kuliko namba yako ya simu?

P = (Imax − Imin) / (Imax + Imin)

Sababu yake ni hii. Sehemu ya mwanga isiyochagua upande hupita nusu yake, hata kioo kikae vipi. Kwa hiyo Imin ni nusu ya sehemu hiyo, na Imax ni nusu hiyohiyo pamoja na sehemu yote iliyopolarishwa. Toa moja kwa nyingine, unabaki na iliyopolarishwa. Zijumlishe, unapata mwanga wote. P basi ni fungu la mwanga lililochagua upande: 0 maana yake halipo, 1 maana yake ni mwanga wote.

Je, wajua kwamba Nakuru ina saa zake za kipimo hiki? Maji hupolarisha kikamilifu mwanga unaoyapiga kwa pembe ya digrii 53 kutoka wima, yaani jua likiwa digrii 37 juu ya upeo. Pembe hiyo hutajwa kwa jina la Mskoti David Brewster, aliyeieleza mwaka 1815. Mji uko karibu mno na ikweta, hivyo mwishoni mwa Machi na Septemba jua hupanda takriban digrii 15 kila saa na kufika hapo karibu saa tatu asubuhi, kisha hupita tena hapo saa kumi alasiri. Simama ukingoni ukielekea jua: sehemu ya kupima iko kama mita mbili tu mbele ya miguu yako. Maji ya mbali zaidi hurudisha mwanga kwa pembe ya kulala, na hapo P hushuka. Kwa nyuzi 70 kutoka wima ni kama 0.64. Ndiyo maana miwani hutuliza sana maji ya karibu, ilhali ng'ambo ya ziwa kunaendelea kumetameta. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mng'ao unaorudi juu hauna upande kabisa, na bei ya miwani haibadilishi jambo hilo.

Je, wajua kwamba hata kwenye pembe ya Brewster hutapata 1 ziwani? Tuseme umesoma luksi 640 na 160. Tofauti ni 480, jumla ni 800, basi P ni 0.60. Zile 320 nyingine zimetoka wapi? Sehemu kubwa ni mwanga ulioingia majini, ukagongana na tope na vijimea vidogo vya kijani ambavyo heroe wadogo huvichuja kwa midomo, ukarudi juu ukiwa umepoteza upande. Maji meusi yaliyotulia hutoa P kubwa kuliko maji ya kijani kizito. Ukoko mweupe wa magadi ukingoni hutoa P ndogo mno, ijapokuwa unang'aa kuliko vyote. Mrusi Nikolai Umov aliona mwelekeo huu mwaka 1905: kadiri uso unavyokuwa mweusi, ndivyo upolarishaji wake unavyopanda.

Je, wajua kosa linaloharibu vipimo vingi? Ni mwanga unaopenya pembeni, kati ya kioo na kihisio. Ziba mbele ya kioo kwa kitambaa cheusi uangalie. Tuseme kipimo bado kinaonyesha 40. Hizo 40 zimo ndani ya usomaji wote wawili, kwa hiyo ziondoe: 640 inakuwa 600, na 160 inakuwa 120. Tofauti ni 480 ileile, lakini jumla sasa ni 720, na P imepanda hadi 0.67. Anayesahau hatua hii kila mara hupata jibu dogo kuliko ukweli.

Picha ya kawaida ya simu ni mtego mwingine. Kamera hubana mwanga mkali kabla ya kuhifadhi picha, hivyo thamani 200 si mwanga maradufu ya thamani 100. Mara nyingi ni zaidi ya mara nne. Ukiziweka moja kwa moja kwenye kanuni utapata 0.33 mahali penye 0.64. Tumia kipimo cha luksi.

Je, wajua namna ya kukikamata kipimo kinachodanganya? Soma mara nne: digrii 0, 45, 90 na 135. Jumla ya 0 na 90 lazima ilingane na jumla ya 45 na 135, popote ulipoanzia. Zisipolingana, huenda wingu limepita au upepo umevuruga maji, na kazi irudiwe. Pia pima karatasi nyeupe siku ya mawingu mazito: P iwe karibu na 0. Isipokuwa hivyo, mshuku kihisio. Simu nyingine huficha chake chini ya skrini, na skrini hizo huwa na tabaka la polaroidi, kwa hiyo utakuwa unapima simu badala ya ziwa.

Je, wajua kwamba anga lenyewe lina P? Jua likichomoza Nakuru mwishoni mwa Machi, mshipi wenye upolarishaji mkubwa zaidi hupita utosini kutoka kaskazini hadi kusini. Hewa ikiwa safi P hufika karibu 0.75, yaani usomaji wa juu ni mara saba ya ule wa chini. Vumbi na moshi huishusha. Nyuki hutumia mpangilio huo kushika njia, kama Karl von Frisch alivyoonyesha mwaka 1949, bila kuhesabu lolote.

Je, wajua kuna mwanga uliopolarishwa unaokipita kipimo hiki bila kuguswa? Ni ule ambao mtetemo wake huzunguka kama parafujo. Tunda la buluu la Pollia condensata, mmea wa misitu ya Afrika, huurudisha: watafiti walitangaza mwaka 2012 kwamba baadhi ya seli zake huzungusha kushoto na nyingine kulia. Mbele ya mwanga kama huo, Imax na Imin hulingana na kanuni hutoa 0, sawasawa na karatasi nyeupe. Kuutambua kunahitaji bamba la robo-wimbi mbele ya kioo cha polaroidi.