Faida Imetoka Mfuko Gani?

Soko limefungwa na hesabu ya jioni inaonyesha faida ya dola 199. Mwenye biashara anatabasamu, kwani asubuhi alitoa hoja na anaona hoja imelipa. Alisema hisa hii itayumba kuliko watu wanavyodhani. Lakini ukiifungua faida hiyo kipande kwa kipande, unakuta kwamba hoja yake siku hiyo ilimtia hasara ya dola 25. Fedha ziliingia kwa mlango mwingine.

Biashara yenyewe ni ya opsheni. Opsheni ya kununua humpa mtu haki, bila kumlazimisha, ya kununua hisa kwa bei iliyokwisha kupangwa hadi siku fulani. Opsheni za hisa zilianza kuuzwa katika soko lake rasmi mjini Chicago mwaka 1973, na mwaka huohuo Fischer Black na Myron Scholes walichapisha fomula ya kukadiria bei yake. Fomula hiyo inaonyesha kwamba bei ya opsheni haisukumwi na bei ya hisa peke yake. Siku zinazobaki nazo zina uzito, na vilevile mtikisiko ambao soko linautarajia. Ndiyo maana faida ya siku moja inaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja.

Tuchukue mfano wa hesabu. Hisa iko dola 100. Mtu wetu ananunua opsheni za kununua hisa 1,000 kwa bei hiyohiyo ya 100, zikiwa zimebaki siku 30. Bei ya opsheni imejengwa juu ya mtikisiko wa asilimia 20 kwa mwaka, na riba tumeiweka kando. Analipa takriban dola 2,287.

Kitu cha kwanza anachokiangalia ni delta, yaani opsheni inapanda kiasi gani hisa ikipanda dola moja. Hapa ni kama senti 51 kwa kila hisa, kwa hiyo mzigo wote unakwenda kama hisa 511. Yeye hataki kubahatisha kama hisa itapanda au itashuka. Anachotaka ni iyumbe tu. Basi anaazima hisa 511 na kuziuza ili apande upande mmoja akishuka upande mwingine. Delta yake sasa ni sifuri, au karibu na sifuri.

Kinachobaki ni gama. Delta haitulii: hisa ikipanda inaongezeka, ikishuka inapungua. Mwenye opsheni hunufaika na mabadiliko hayo pande zote mbili, na faida yake hukua kwa mraba wa mwendo. Gama ya mzigo huu ni kama 70, maana yake delta inabadilika kwa hisa 70 kila hisa inaposogea dola moja. Hesabu ni nusu ya gama mara mwendo mara mwendo. Hisa ikisogea dola moja, anapata kama dola 35. Ikisogea dola mbili, anapata 139, mara nne ya ile ya kwanza.

Neema hiyo ina gharama yake, nayo ni theta. Kila siku inayopita opsheni inapungua thamani, kama kodi ya nyumba inayodaiwa hata usipolala humo. Hapa kodi ni dola 38 kwa siku. Gama na theta ziwekwe kwenye mizani moja kila mara, kwa sababu kuzitazama mbalimbali hakusemi chochote. Kwa mzigo huu zinalingana hisa inaposogea takriban dola 1.05 kwa siku. Ikisogea zaidi ya hapo, hoja ya mnunuzi imeshinda. Ikisogea chini ya hapo, imeshindwa, hata kama mwisho wa siku ana fedha mkononi.

Sasa tuitazame siku yenyewe. Hisa ilifunga dola 100.60. Wakati huohuo wanunuzi wengine waliingiwa na hofu, wakagombea opsheni, na mtikisiko unaotarajiwa ukapanda kutoka asilimia 20 hadi 22. Opsheni zake zilipanda dola 505, na hisa alizoziuza zikamtia hasara ya 307. Zinabaki zile 199, baada ya senti kujipanga.

Ukizigawa, delta haikuleta kitu, ilikwishazibwa. Gama ilileta dola 13, theta ikala 38. Hapo ndipo penye hasara ya 25: hisa ilisogea senti 60 tu, na deni la siku lilihitaji dola 1.05. Kilichobaki ni vega, kipimo cha opsheni inavyobadilika mtikisiko unaotarajiwa ukisogea kwa pointi moja. Vega yake ni kama dola 114, mtikisiko ulipanda pointi mbili, ikaleta 229. Jumla inakuwa 204, si 199. Dola tano zimepotea njiani.

Dola hizo tano ni salio lisiloelezwa, na mimi huanza kusoma jedwali la namna hii kutoka hapo. Salio dogo ni la kawaida, maana vipimo vilichukuliwa asubuhi na siku nzima vilikuwa vikibadilika. Likiwa kubwa, kuna jambo. Chukulia hisa ileile ingeanguka hadi dola 92 bila mtikisiko kubadilika. Kwa gama ya asubuhi, faida ya gama ingesomeka kama dola 2,226. Lakini opsheni ikipigiwa hesabu upya kwa bei ya 92, salio hasi linazidi dola 200, kwa sababu gama yenyewe ilikuwa inayeyuka kadiri hisa ilivyokwenda mbali na 100. Dawa yake ni kuugawa mwendo katika hatua ndogo na kupima upya kila hatua. Salio likiwa kubwa katika siku tulivu, ambayo haina mwendo wa kulieleza, hapo ni kukagua kama bei zilizoingizwa kwenye kompyuta ni za kweli.

Kuna siku mgawanyo wenyewe unakuwa na utata. Tarehe 5 Februari 2018, fahirisi ya S&P 500 ilianguka kwa takriban asilimia 4, na VIX, kipimo cha mtikisiko unaotarajiwa Marekani, ikaruka kutoka 17.31 hadi 37.32. Bei ya hisa na mtikisiko viliondoka pamoja. Sehemu ya faida ya siku kama hiyo haimilikiwi na gama wala vega peke yake. Inatokana na vyote viwili kusukumana. Ukianza kubadilisha bei kisha mtikisiko, vega inapata hesabu moja. Ukianza na mtikisiko, inapata nyingine. Hakuna mpangilio ulio wa haki kuliko mwingine. Kilicho muhimu ni kuchagua mmoja na kuufuata kila siku, la sivyo siku mbili hazilinganishiki.

Turudi kwa mtu wetu na dola zake 199. Faida ya vega haijatulia: mtikisiko ukirudi kwenye 20 kesho, sehemu kubwa ya zile 229 inaondoka nao. Akiamua kubaki, masharti nayo yamebadilika. Kwa mtikisiko wa 22, theta yake imepanda kutoka dola 38 hadi kama 43 kwa siku, na hisa itabidi isogee takriban dola 1.16 ili gama iweze kulipa, ilhali leo imesogea senti 60. Jedwali halimwambii auze. Linamwonyesha tu kwamba hoja aliyonunulia bado haijalipa hata senti, na kuanzia kesho kuishikilia kunagharimu zaidi.