Mbona Picha Ina Utepe Mweusi? Flashi na Mapazia Mawili ya Kamera

Huenda umewahi kuiona picha ya aina hii: juu nyuso zinang'aa vizuri, lakini chini pamekatika ghafla pakawa peusi, utadhani mtu ameweka rula akapaka wino. Wengi wakiiona husema flashi imekufa. Wengine husema kamera imeingia maji. Aghalabu vyote viwili ni vizima kabisa. Kilichokosewa ni namba moja tu, nayo ni kasi ya shata. Katika makala haya nitaeleza utepe huo hutoka wapi, na jinsi ya kuujua na kuuepuka.

Tuanze ndani ya kamera. Kamera kubwa zile za kubadilisha lenzi, ziwe za filamu au za dijitali, huwa na shata iliyo mbele kabisa ya filamu au ya kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga. Shata hiyo ni mapazia mawili. Ukibonyeza kitufe, pazia la kwanza hushuka na kufungua njia. Muda uliouchagua ukiisha, pazia la pili hushuka kwa kulifuata la kwanza na kufunga. Kwa hiyo kila sehemu ya kihisi hupata mwanga kwa muda uleule.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: mapazia hayo yana mwendo wake, na mwendo huo haubadiliki hata ukichagua kasi kubwa namna gani. Kinachobadilika ni jinsi pazia la pili linavyochelewa au kuwahi kuondoka. Ukichagua muda mrefu, la kwanza hufika chini, kihisi kikabaki wazi chote, halafu la pili ndipo linaondoka. Ukichagua muda mfupi mno, la pili huondoka kabla la kwanza halijafika. Hapo kihisi hakiwi wazi chote hata kwa nukta moja. Kinachopita mbele yake ni ufa tu, unaoteremka kutoka juu hadi chini.

Kwa mwanga wa jua ufa huo hauna neno, kwa sababu jua linawaka muda wote ufa unapopita. Lakini flashi ni kama radi. Chukulia umetundika leso mbili dirishani usiku, moja inavutwa kufungua na nyingine inaifuata kufunga. Radi ikipiga wakati leso ya pili imeshafunika nusu ya dirisha, nusu ya chumba chako itamulikwa na nusu itabaki gizani. Si kosa la radi hata kidogo!

Sasa tupige hesabu. Sekunde moja ukiikata vipande elfu, kila kipande ni milisekunde moja. Tuseme kihisi kina kimo cha milimita 24, na pazia hutumia milisekunde 4 kushuka chote. Basi pazia linakwenda milimita 6 kwa kila milisekunde. Flashi nayo huambiwa iwake pale pazia la kwanza linapofika mwisho.

Ukichagua 1/200 ya sekunde, hiyo ni milisekunde 5. Pazia la kwanza linafika baada ya 4, kihisi kinabaki wazi chote kwa milisekunde 1, flashi inawaka, picha inatoka safi. Ukichagua 1/500, hiyo ni milisekunde 2. La kwanza linapofika, la pili limeshatembea milisekunde 2 nzima, yaani limefunika milimita 12. Nusu ya picha imekosa flashi. Ukichagua 1/1000, la pili limeshafunika milimita 18, na kinachobaki ni robo tu. Kasi kubwa kabisa ambayo kihisi bado kinakuwa wazi chote ndiyo wapiga picha huiita kasi ya sinki. Katika kamera nyingi za dijitali huwa 1/200 au 1/250. Katika Pentax K1000, ile ya filamu iliyofundishia watu wengi, ilikuwa 1/60, maana pazia lake la kitambaa lilikwenda polepole, tena kwa upana, si kwa kimo.

Je, kwa nini katika kamera za siku hizi giza hukaa chini ya picha ilhali pazia la pili huanza kufunika juu? Wanaofanya fizikia washajua: lenzi hugeuza taswira juu chini. Sehemu ya juu ya kihisi ndiyo hupokea miguu ya watu. Ukiisimamisha kamera wima, utepe nao utahamia ubavuni. Kwa K1000, kwa kuwa mapazia yake huenda kwa upana, utepe huonekana ubavuni hata kamera ikiwa imelala kawaida.

Utauliza, mbona flashi ndogo iliyojengewa ndani ya kamera haileti taabu hii? Ni kwa sababu kamera inaijua. Ukiifungua, kamera yenyewe hukataa kupita kasi ya sinki. Hata flashi ya nje, ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya kamera hiyo, huwa na vinundu kadhaa vya chuma chini yake vya kuzungumza na kamera. Lakini flashi nyingi za bei nafuu zina kinundu kimoja tu cha katikati. Kazi yake ni kupokea amri ya "waka!" basi. Kamera haina habari kwamba kuna flashi, kwa hiyo itakuachia uweke hata 1/4000 bila kukuonya.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Mjomba wangu hupiga picha za harusi kwa kamera aliyoinunua mitumba na flashi ya nje ya kinundu kimoja. Kuna harusi moja aliyopiga jioni ukumbini, na karibu picha zote za dansi zikatoka bibi harusi akionekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Gauni lake lililofagia sakafu lilimezwa na giza. Wenye harusi walikataa kumalizia malipo yaliyobaki. Fundi mmoja akamwambia flashi imeisha, atafute nyingine.

"Hii flashi imeniangusha, mwanangu," aliniambia. "Fundi anasema balbu yake imechoka. Inawasha nusu."

"Lakini mjomba, balbu ikichoka si picha yote ingefifia? Hii imekatika kwa mstari. Ulikuwa umeweka kasi gani?"

"Mia tano. Watu walikuwa wanacheza, ningeweka chini wangetoka na ukungu."

Tulifanya jaribio ambalo wewe pia waweza kulifanya kwa dakika tano. Tuliiweka kamera mezani ikitazama ukuta mweupe chumbani, mapazia ya dirisha yakiwa yamefungwa. Flashi tukaielekeza ukutani. Kisha tukapiga picha moja kwa kila kasi, bila kugusa kitu kingine: 1/125, 1/160, 1/200, 1/250, 1/500 na 1/1000. Tatu za kwanza zilikuwa nyeupe kote. Ya 1/250 ilikuwa na ukanda mwembamba wa kijivu chini. Ya 1/500 ilikuwa nyeusi karibu nusu. Ya 1/1000 ilibaki na kipande kidogo cheupe juu. Mjomba alizitazama kwa zamu, akazima flashi na kuirudisha mfukoni. Hakununua nyingine. Malipo yaliyobaki hakuyapata.

Hofu yake ya ukungu, hata hivyo, ilikuwa na jibu. Katika ukumbi wenye mwanga hafifu, kinachogandisha mtu anayecheza si shata bali flashi yenyewe. Flashi ya nje ikiwaka kwa nguvu zake zote, mwako wake huchukua kama 1/1000 ya sekunde hivi, na ukiipunguza nguvu mwako huwa mfupi zaidi. Kwa hiyo shata ikae 1/125, na mchezaji atatoka ameganda vilevile, mradi mwanga wa ukumbi usiingie sana. Utajuaje? Zima flashi, piga picha moja kwa mpangilio uleule. Ikitoka nyeusi au karibu nyeusi, ujue mwanga wote utatoka kwa flashi. Ikitoka inaonekana vizuri, punguza ISO au punguza tundu la lenzi.

Tahadhari mbili. Kwanza, si kila giza la chini ni la shata. Flashi ya kwenye kamera ikikingwa na lenzi ndefu, kivuli chake pia huangukia chini ya picha, lakini kivuli hicho huwa cha mviringo kama nusu sahani. Utepe wa shata una mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Teremsha kasi hadi 1/60: utepe ukitoweka, ni shata, giza likibaki, tafuta kinachokinga. Pili, ukitumia kifaa cha redio kuwasha flashi iliyo mbali, amri huweza kuchelewa kidogo njiani, na utepe ukajitokeza hata kwenye 1/200. Hapo shuka hadi 1/160 au 1/125.

Taabu kubwa iko mchana. Tuseme unampiga mtu picha juani, saa sita, na unataka flashi iondoe vivuli machoni. Kwa ISO 100 na 1/200, jua kali lataka tundu la f/11 hivi. Lakini wapiga picha wengi hupenda f/2.8 ili nyuma ya mtu pawe na ukungu mzuri, na kwa tundu hilo shata lazima ipande hadi karibu 1/3200. Tayari umevuka mpaka! Kwa kuwa jua hulipa kila sehemu haki yake, chini ya picha hapatakuwa peusi tititi. Patakosa flashi tu, na vivuli vitabaki palepale.

Una njia tatu. Waweza kukubali f/11. Waweza kumsogeza mtu kivulini ambako mwanga ni mchache. Au uwe na flashi inayoweza kupigapiga vimwako vingi vya haraka muda wote ufa unaposhuka, ili kila sehemu ipate mgao wake. Ila nguvu zake hugawanyika katika vimwako hivyo, na mwingi wa mwanga huangukia kwenye pazia. Kwa hiyo itakubidi umsogelee mtu, labda hatua mbili tatu.

Basi, msomaji, kabla ya siku ya kutoa zawadi hapa shuleni, mwenye kamera na aichunguze. Katika kamera za zamani kasi ya sinki huwa na rangi yake au alama ya X kwenye gurudumu la kasi. Katika mpya imeandikwa kitabuni. Usipokiona kitabu, ukuta mweupe upo.