Bei Ikishasomwa Haibadiliki

Kamati inayotathmini zabuni za serikali nchini Kenya haianzi na bei. Huanza na masharti ya lazima, na hapo kila sharti ama limetimizwa ama halijatimizwa. Kifungu cha 79 cha sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 kinataka zabuni itimize masharti hayo yote. Ndiyo maana mfanyabiashara mwenye bidhaa bora na bei nafuu anaweza kuondolewa kabla ya mtu yeyote kutazama bei yake.

Tuseme hospitali ya kaunti inataka magodoro 400. Kazi ya kwanza ya mzabuni ni kuchukua daftari na kunakili kila sentensi katika hati za zabuni yenye neno "lazima" au "sharti", kisha aandike pembeni ukurasa ambao jibu lake litapatikana. Cheti cha ushuru cha KRA kinachotumika siku ya kufunga, CR12 inayoonyesha wakurugenzi wa kampuni, fomu za kiapo zilizotiwa sahihi, kurasa zilizopewa nambari mfululizo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nambari za kurasa huwaponza wengi, kwa sababu katalogi ya kiwandani huchomekwa dakika za mwisho na kubaki bila nambari. Orodha hii ikaguliwe na mtu ambaye hakuandaa zabuni, maana aliyeiandaa huona anachokumbuka kukiweka.

Dhamana ya zabuni kutoka benki inahitaji uangalifu wa peke yake. Hati zikisema zabuni idumu siku 120 baada ya kufungwa na dhamana iendelee siku 30 zaidi, basi kwa zabuni inayofungwa Juni 3 dhamana inapaswa kufika Oktoba 31. Karani wa benki akianza kuhesabu siku aliyotoa barua, tarehe inaweza kupungua, na upungufu wa siku moja unatosha kukuangusha. Hesabu mwenyewe, umpe karani tarehe iliyoandikwa. Kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu zilizosajiliwa chini ya mpango wa AGPO hazidaiwi dhamana hiyo. Hizo hujaza fomu ya tamko badala yake.

Sasa bei. Tuseme kiwanda kinauza godoro kwa shilingi 5,000 kabla ya ushuru. Lori la kuyafikisha yote hospitalini ni shilingi 60,000, yaani 150 kwa kila godoro. Kaunti hazilipi siku ya kupokea mali, kwa hiyo mkopo wa milioni 2 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, ukikaa miezi minne, unagharimu 120,000, au 300 kwa godoro. Wengi huruka hesabu hii, kisha riba inakula faida yote wakisubiri malipo. Ongeza 100 za upakuaji na gharama ndogondogo, na faida ya 450. Jumla inakuwa 6,000. VAT ya asilimia 16 ni 960, kwa hiyo godoro moja ni 6,960, na magodoro 400 ni shilingi 2,784,000.

Jumla hiyo huandikwa mara mbili: kwenye jedwali la bei na kwenye fomu ya zabuni, ambayo ndiyo ahadi yako kwa hospitali. Tuseme jedwali limeandikwa sawasawa, lakini kwenye fomu umeandika 2,400,000, ile jumla ya kabla ya VAT. Kifungu cha 82 kinasema kiasi kilichowasilishwa na kusomwa wakati wa kufungua zabuni ni cha mwisho. Hakuna wa kukirekebisha. Kanuni za mwaka 2020 nazo zinahesabu kosa la kujumlisha kuwa dosari kubwa ya kumwondoa mzabuni. Mwenye kosa hilo ana bahati akiondolewa. Akishinda, itambidi alipe VAT kutoka ndani ya hizo 2,400,000, na atabakiwa na takriban 2,069,000. Mapato yamepungua kwa kama 331,000, ilhali faida aliyoipanga ilikuwa 180,000. Atapeleka magodoro yote 400 kwa hasara ya takriban shilingi 151,000.

Kosa kama hilo huzaliwa pia na nyongeza za hati. Hospitali inaweza kutangaza magodoro 350, mzabuni mmoja akauliza swali kwa maandishi, na jibu linalotumwa kwa wote likabadilisha idadi kuwa 400. Aliyekwisha kujaza jedwali hurekebisha mstari wa idadi na kuisahau fomu. Afadhali fomu ya zabuni ijazwe mwisho kabisa, baada ya muda wa maswali kupita, na anayeijaza anakili jumla kutoka kwenye jedwali lililochapishwa huku mwenzake akimsomea tarakimu kwa sauti, kisha maneno.