Maswali Yamo Kwenye Mishale

Mwanafunzi yeyote wa uganga, uuguzi au maabara hukutana mapema na mchoro mmoja wa malaria. Kushoto yuko mbu, kulia yuko binadamu, na kwa upande wa binadamu ini limechorwa juu, damu chini. Kuna namba kutoka 1 hadi 12, herufi A, B na C kwa mizunguko mitatu, na mishale inayozunguka yote. Ni kazi ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na wahadhiri wengi huuweka kwenye slaidi zao kama ulivyo. Wanafunzi nao hupiga picha ya skrini, wakaitunza kwenye simu, na wiki ya mtihani ikifika wakaitazama.

Kuitazama tu ndiko kunakowaponza. Mchoro ulioutazama mara nyingi hukufanya uone unaujua, kwa sababu kila kitu unakitambua. Mtihani hautaki utambue, unataka utoe kichwani. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma andiko mara ya pili na wale waliofunika andiko wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa hiyo picha ile kwenye simu ina faida ikigeuzwa kuwa maswali, na maswali yana faida yakiwa na majibu ya mfano yanayoweza kusahihishwa kwa haki.

Kwanza picha yenyewe. Kama slaidi ina vitu vinavyojitokeza kimoja kimoja, subiri hadi mshale wa mwisho uonekane ndipo upige. Usikate maandishi yaliyo chini ya mchoro, hata kama yanaonekana ya ziada, maana nitaonyesha hapa chini yanavyoweza kukuokoa. Andika pembeni jina la mhadhara na namba ya slaidi. Ukiituma WhatsApp, itume kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na namba ndogo hufifia, 6 na 8 zikawa kitu kimoja. Kisha tengeneza nakala mbili, moja kamili ya kusahihishia, nyingine ya kuficha majina. Unapoficha, tumia kisanduku kilichojazwa rangi. Kalamu ya kung'arishia maandishi iliyoko kwenye simu hupitisha mwanga, neno likasomeka chini yake. Visanduku vyote viwe na urefu sawa pia, la sivyo urefu wa kisanduku utakutajia neno.

Kufikia hapo wengi huanza kuandika maswali ya aina ya "taja kilichoonyeshwa na namba 10". Swali hilo lina kazi yake: namba 10 ni okineti, namba 11 ni oosisti, na zote mbili zimo katika utumbo wa mbu. Lakini likiisha limekwisha. Mchoro wa mzunguko wa maisha hauweki maarifa yake kwenye majina, huyaweka kwenye mishale. Basi chukua kila mshale uugeuze sentensi kamili, yenye mtenda, tendo na mahali. Mshale kati ya 3 na 4 unasema hivi: skizonti iliyokomaa ndani ya chembe ya ini hupasuka na kumwaga merozoiti, ambazo huingia kwenye damu. Sentensi hiyo ikishaandikwa, maswali huja yenyewe. Kwa nini? Lini? Ingekuwaje kama mshale huu usingekuwapo?

Lile la "lini" hasa linafaa kufuatiliwa, kwa sababu mchoro hauna saa. Mishale yote ina urefu unaokaribiana, ilhali mmoja unachukua chini ya saa moja na mwingine karibu wiki. Chukua kitabu au notsi za mhadhara, uandike muda juu ya mshale kwenye nakala yako kamili. Kwa plasmodiamu falsiparamu, sporozoiti hufika ini ndani ya takriban saa moja tangu mbu aume. Kukua ndani ya ini huchukua karibu siku 6. Mzunguko mmoja ndani ya chembe nyekundu huchukua saa 48. Sasa una swali la kweli, na ninaliandika hapa pamoja na jibu lake. Chuoni ungeliandika kwa lugha ya mtihani wako.

Swali, alama 4: Mtu ameumwa na mbu mwenye vimelea vya falsiparamu. Kwa nini hapati homa kesho yake?

Jibu la mfano: Sporozoiti huondoka kwenye damu ndani ya muda mfupi na kuingia chembe za ini (alama 1). Huko huzaliana kwa karibu siku 6 bila kumletea mtu dalili (alama 1). Homa huletwa na kupasuka kwa chembe nyekundu zilizojaa skizonti, jambo ambalo bado halijaanza (alama 1). Hata merozoiti zikishaingia kwenye damu, hupita mizunguko kadhaa ya saa 48 kabla idadi yake haijatosha kumwangusha mtu (alama 1). Haikubaliki: "kwa sababu ya kipindi cha kuatamia". Hilo ni jina la muda huo, halielezi kinachotokea ndani yake.

Sentensi ile ya "haikubaliki" ndiyo inayotenganisha jibu la mfano na muhtasari. Unapojisahihisha usiku umechoka, utashawishika kujipa alama kwa jibu linalofanana na lililo sahihi. Mwongozo uliotaja mapema kosa linalopendwa hauachi nafasi hiyo.

Swali hilo, kwa taarifa yako, liliwahi kuwasumbua watafiti wenyewe. Laveran aliona vimelea kwenye damu ya mgonjwa huko Algeria mwaka 1880, na Ross akaviona kwenye tumbo la mbu nchini India mwaka 1897. Mwanzoni mwa karne ya 20 Schaudinn, mtafiti wa Kijerumani, alidai ameona sporozoiti zikiingia moja kwa moja kwenye chembe nyekundu, na wengi wakamwamini kwa miongo kadhaa. Hatua ya ini kwa binadamu ilithibitishwa mwaka 1948 na Shortt na Garnham, huyo wa pili akiwa amefanya kazi miaka mingi nchini Kenya. Mshale mmoja ulikuwa umechorwa pasipo pake.

Ninalisema hilo kwa sababu mchoro wowote wa slaidi una ukweli wake na una mipaka yake, na maswali bora hutoka mpakani. Tazama sehemu ya damu. Mchoro umeweka pete, trofozoiti iliyokomaa na skizonti pamoja, ukazitia alama ya "d" kuonyesha kwamba ni hatua za utambuzi wa ugonjwa. Lakini nenda maabara ukatazame damu ya kidole ya mgonjwa wa falsiparamu: utaona pete tele, skizonti kwa nadra sana. Hapo andika swali la alama 3 ukiuliza kwa nini mchoro na hadubini vinatofautiana. Jibu: chembe nyekundu zenye vimelea vilivyokomaa hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya viungo vya ndani, ubongo ukiwemo (1), kwa hiyo hazifiki kwenye damu ya kidole (1), na ndiyo maana idadi inayoonekana kwenye kioo inaweza kuwa ndogo kuliko mzigo halisi wa vimelea mwilini (1). Aliyejibu hili ameelewa pia kwa nini falsiparamu huua.

Sasa turudi kwenye maandishi yale ya chini. Ndiyo yanayoeleza kwamba vivaksi na ovale zina hipnozoiti, vimelea vinavyolala ndani ya ini na kuamka baada ya wiki au miezi. Ndani ya mchoro wenyewe hazikuchorwa. Mwanafunzi aliyekata picha juu ya maandishi hayo ataulizwa kwa nini malaria humrudia mtu, na ataandika kwamba imetoka ini. Kwa falsiparamu amekosea. Falsiparamu ikirudi baada ya tiba bila mtu kuumwa upya, imetokana na vimelea vya damu ambavyo havikuisha. Swali zuri hapa linataja spishi mbili na kuuliza njia ya kila moja. Lisilotaja spishi lina majibu mawili sahihi, na swali la namna hiyo halipimi kitu.

Baki na mshale wa 7, unaotoka kwenye damu kwenda gametositi. Jaribu kuufuta. Uliza: kama ungekatwa, nani angenufaika? Mgonjwa angeendelea kuugua vilevile, kwa sababu homa haitokani na gametositi, lakini mbu atakayemuuma asingepata kitu cha kupeleka kwa mwingine. Kutoka hapo unaweza kuuliza kuhusu dawa. Dawa ya mseto ya ALu hufagia vimelea vinavyoleta homa, ila gametositi zilizokomaa za falsiparamu huweza kubaki kwa muda, na dozi moja ndogo ya primakwini hutolewa kwa ajili yake. Mpe mwenzako kisa hiki: homa imekwisha, dawa imemalizwa, je, mgonjwa bado anaweza kuambukiza mbu? Alama ya kwanza si kwa "ndiyo", ni kwa kutaja hatua inayobaki.

Ukishapata maswali manane au kumi kwa mchoro mmoja, inatosha. Yajaribu kwa njia mbili. Mpe mtu asiyesoma somo hili akiwa na mchoro ulioficha majina. Kama anapata alama, picha au swali linavujisha jibu, mara nyingi kwa sababu jina ulilolificha namba 4 umelitaja katika swali la namba 6. Kisha wape wenzako wawili wasahihishe jibu moja kila mmoja peke yake. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama 1, jibu lako la mfano limelegea: pengine umeweka hoja mbili ndani ya alama moja, au umeandika "n.k." mahali panapotaka kitu mahususi.

Jijibu kwa maandishi kesho yake, kisha baada ya wiki, nakala kamili ikiwa imefungwa. Ulilokosa usilisome tu, ligeuze: kama ulikosa kwa nini homa huchelewa, jiandikie swali linaloanzia kwenye homa na kurudi nyuma hadi siku mbu alipouma. Na pale slaidi na kitabu vinapopingana, andika namba ya slaidi kwenye kadi ya swali, acha nafasi ya jibu wazi, na mpelekee mhadhiri kabla ya mtihani, ukimwonyesha mshale wenyewe unaoulizia.