Mazoezi kabla ya kunywa chai: mafuta yanapungua zaidi kweli?



Kuna imani moja imeenea sana kwetu sisi tunaoishi nje, hasa wale tuliokwisha ingia umri wa kuhesabu kilo. Inasemwa kwamba mtu akiamka alfajiri akatembea au akakimbia na tumbo tupu, mwili "hauna budi" kula mafuta yake wenyewe, na kwamba ukishakunywa chai kwanza, mazoezi yale ni ya kuchoma mkate tu. Imani hii si ya jana. Mmarekani Bill Phillips aliitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1999, akadai kwamba dakika 20 za mazoezi makali asubuhi kabla ya kula hupunguza mafuta kuliko saa nzima ya mazoezi baada ya kula. Tangu hapo maneno hayo yamekuwa kama sheria.

Mimi kazi yangu ni kufundisha mambo ya mwili na mazoezi, na swali hili naulizwa karibu kila mwezi. Nimeona niliandikie kwa urefu kidogo, kwa sababu ndani yake mna ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaotupoteza.

Tuanze na ile nusu iliyo kweli. Mtu akilala bila kula saa 8 hadi 12, homoni ya insulini inashuka katika damu. Insulini ndiyo inayozuia mafuta yasitoke kwenye ghala zake, kwa hiyo ikishuka, mafuta yanafunguliwa na kuingia katika damu kwa wingi. Wakati huo huo ini linakuwa limetumia sehemu kubwa ya akiba yake ya sukari kuulisha ubongo usiku kucha. Ukiingia barabarani katika hali hiyo, misuli inachukua sehemu kubwa zaidi ya nguvu zake kutoka kwenye mafuta. Ukinywa chai na mkate kwanza, insulini inapanda, mlango wa ghala unarudishwa, na misuli inategemea sukari zaidi. Haya yanapimika kwa kuangalia hewa anayovuta na kutoa mtu, na hakuna mtaalamu anayeyabisha.

Sasa swali ni: zaidi kwa kiasi gani? Mwaka 2016 watafiti wa Brazili walikusanya tafiti 27, zenye watu 273 kwa jumla, wakalinganisha mazoezi ya tumbo tupu na ya baada ya kula. Wastani wa tofauti ulikuwa kama gramu 3 za mafuta kwa kila kipindi cha mazoezi. Gramu tatu, jamani. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, kwa hiyo tunazungumzia kilokalori 27, ambazo hazifiki vijiko viwili vidogo vya sukari ndani ya kikombe cha chai.

Na hata hizo gramu 3 hazibaki kuwa faida. Mwili haufungi hesabu yake saa moja ya asubuhi, unaifunga baada ya siku na wiki. Mwenye duka anajua: mauzo ya asubuhi yaweza kuwa mazuri sana, lakini faida huionekani mpaka umetoa matumizi ya siku nzima. Ukitumia mafuta mengi asubuhi, mchana utatumia sukari zaidi na mafuta kidogo, na aliyefanya kinyume naye atalipa kinyume. Mwaka 2011 Antonio Paoli na wenzake wa Italia walipima vijana 8 wa kiume, kila mmoja kwa zamu mbili, mara moja akiwa na njaa na mara moja akiwa ameshakula, dakika 36 juu ya mashine ya kukimbilia. Walipowapima tena saa 12 na saa 24 baadaye, walikuta waliokula kwanza ndio waliokuwa wakitumia mafuta kwa sehemu kubwa zaidi.

Kwa uadilifu lazima nitaje na upande wa pili. Mwaka 2015 watafiti wa Tsukuba, Japani, waliwaweka vijana 10 katika chumba maalumu kinachopima pumzi mchana na usiku, na huko mazoezi ya kabla ya kifungua kinywa ndiyo pekee yaliyoongeza matumizi ya mafuta kwa saa 24 nzima. Wapenzi wa tumbo tupu huukamata utafiti huu kwa mikono miwili. Lakini angalieni: vijana wale walilishwa sawasawa na walichotumia, na kipimo kilikuwa cha siku moja. Ukitumia mafuta mengi leo bila kula pungufu, maana yake wanga uliokula umebaki, umewekwa akiba kwenye ini na misuli. Ghala hilo ni dogo, la gramu mia kadhaa tu. Likijaa, mwili unarudi kutumia wanga, na mafuta yanapumzika. Mchezo huo hauwezi kuendelea wiki baada ya wiki.

Kwa hiyo kipimo cha haki si pumzi, ni mwili wenyewe baada ya wiki kadhaa. Brad Schoenfeld na wenzake walikifanya mwaka 2014. Walichukua wasichana 20, wakawagawa kwa kura makundi mawili, wote wakapewa mpango wa kula pungufu. Wote walifanya mazoezi saa moja, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 4. Kila mmoja alipewa kinywaji cha lishe kile kile, ila kundi moja walikinywa kabla ya mazoezi na jingine baada yake. Mwisho wake makundi yote mawili yalipungua uzito na mafuta, na tofauti baina yao haikuonekana. Utafiti huu una mipaka yake: watu walikuwa wachache, muda mfupi, na wote vijana. Hata hivyo mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walipima wanaume wanene kwa wiki 6 za kuendesha baiskeli ya mazoezi. Waliofanya kabla ya kula walitumia mafuta kama mara mbili wakati wa mazoezi yenyewe, lakini kwenye mizani hawakuwapita wenzao. Faida waliyoipata ni nyingine: miili yao ilianza kuitikia insulini vizuri zaidi. Hilo ni jambo zuri, ila si kupungua kitambi.

Hebu tulitie hili katika maisha ya mtu. Nina shemeji yangu Maskati, umri wake miaka 52, uzito kilo 88. Kila alfajiri siku tano kwa wiki alikuwa akitembea kwa kasi dakika 45 kando ya bahari, Matrah, hajatia kitu mdomoni. Miezi mitatu ikapita, mizani haijasogea. Akanipigia simu: "Shemeji, mbona mafuta hayachomeki? Niache na chakula cha usiku pia?"

Tukapiga hesabu pamoja. Mtu wa uzito wake akitembea kwa kasi dakika 45 anatumia kama kilokalori 300. Tukikadiria kwamba kwa njaa 180 zinatoka kwenye mafuta, hizo ni gramu 20. Angekunywa chai kwanza zingekuwa kama 153, yaani gramu 17. Faida yake ya njaa ni gramu 3. Kwa mwaka mzima, kwenye karatasi na bila mwili kulipiza, haifiki hata kilo moja. Nikamwuliza akirudi anakula nini. Kumbe zamani alikuwa akila chapati moja, lakini tangu aanze kutoka na njaa anarudi amechoka, anakula mbili, na ya pili anaipaka kijiko kikubwa cha samli. Samli hiyo peke yake ni kama kilokalori 120. Chapati ya kusukuma ni 200 au zaidi. Jumla imezidi matembezi yote. Njaa ilimpa 27 kwa mkono mmoja ikamchukulia 320 kwa mkono wa pili.

Tulibadilisha kitu kimoja tu, akarudi kwenye chapati moja bila samli. Saa ya kutembea aliiacha vile vile kwa sababu mchana wa Maskati hautembeleki. Baada ya wiki 10 alikuwa na kilo 86. Na hesabu inakubali: 320 mara siku 5 mara wiki 10 ni 16,000, na kilo moja ya mafuta ya mwilini ni karibu kilokalori 7,700.

Lakini katika mazungumzo yale lilitoka jambo lililonishtua kuliko kilo. Shemeji ana kisukari, na anakunywa vidonge vya glibenklamaidi. Akanieleza kwamba asubuhi mbili tatu njiani alishikwa na jasho la baridi, mikono ikatetemeka, akaona giza. Yeye alidhani ndiyo mafuta yanachomeka! Hapana. Hiyo ni sukari ya damu kushuka. Vidonge vya jamii hiyo hulilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala, na insulini ya sindano ni hivyo hivyo. Ukiongeza mazoezi juu ya njaa, mtu anaweza kuanguka barabarani peke yake alfajiri. Anayetumia metifomini peke yake hatari yake ni ndogo mno.

Kwa wenye dawa hizo, kanuni ni kupima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita (kwa walioko Marekani, miligramu 90 kwa desilita), kula kitu kwanza, mfano tende ndogo tatu. Dalili zikianza njiani, simama, kunywa vijiko vitatu vya sukari katika maji, pima tena baada ya dakika 15. Na mweleze daktari wako saa unazofanya mazoezi, maana yeye ndiye anayeweza kubadilisha dawa au saa yake, kama alivyofanya wa shemeji.

Kwa asiyekuwa na dawa hizo, chagua saa utakayoweza kuidumisha. Kama tumbo zito linakusumbua ukikimbia, nenda na njaa. Kama njaa inakufanya utembee kivivu au urudi ukavamie sufuria, kunywa chai yako kwanza. Jipime kiuno na uzito kwa siku ile ile ya wiki, kwa muda wa mwezi. Kisipopungua, kosa usilitafute kwenye saa ya mazoezi, litafute kwenye sahani.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti na ailete, tujadiliane.